Bamvua Paje

Wameniambia tunga, mada hawakuitaja,
Si la ndoa, si la janga, si la sifa wala hoja,
Urefu hawakupanga, na wazo halijakuja,
Basi nachagua moja, la ninachoona pwani.

Paje leo ni bamvua, maji yamekupwa mbali,
Saa tatu hilo jua, limekwishakuwa kali,
Wanawake nawajua, wenda wawili wawili,
Kamba ziko bega hili, polo tupu mkononi.

Kamba wamezivutia, kijiti hata kijiti,
Mwani waufungilia, uzi tai-tai kati,
Migongo yawaumia, maji yafika magoti,
Na bado kuna sauti, ya mizaha na utani:

"Shoga yangu, mume wako, jana amelala wapi?"
"Kalala na nyavu huko, kaleta changu wafupi!"
Wakaangua kicheko, hata sijui kwa lipi,
Yupi kashinda, ni yupi? Sikupata kubaini.

Mwaka themanini tisa, kilimo kilipofika,
Waume wengi wasusa kazi ya kuinamika,
Wake wakashika pesa, wenyewe wakaziweka,
Bati likaezekeka, mwana akenda shuleni.

Kotoni, mwani wa bei, maji moto yaiua,
Hukatika, haikui, weupe waishambua,
Spinosamu ndiyo hai, ila bei yachechea,
Maji poa yapo pia, kwenye kina, kule ndani.

Kule chini hukufiki, sharuti kuogelea,
Wengi hilo hawashiki, pwani japo wamekua,
Boti hainunuliki, kwa pato la mia mia,
Mmoja kaniambia: "Nitafia kwenye mwani."

Kalivuta polo lake, lajaa, lachuruzika,
Kalibeba peke yake, nikataka kulishika,
Kanipa kisogo chake, nikabaki nikicheka,
Akasema akitoka: "Shati lako si la mwani!"

Uani kautandaza, kwenye makuti makavu,
Mvua ikijitokeza, huukusanya kwa nguvu,
Kuugeuza-geuza, mikono yatoka kovu,
Wakala, yule mchovu, huja na yake mizani.

Meli ikishaupata, huvuka kwenda Ulaya,
Ute wake hukamata dawa ya meno ya kaya,
Aiskrimu ya kunata, mwani umo bila haya,
Mlaji hajui haya, tai-tai kitu gani.

Maji yanarudi kasi, vijiti vimeshazama,
Wanaitana upesi: nani amebaki nyuma?
Yule wangu hana wasi, bado amejiinama,
Afunga huku asema: "Moja tu, ningojeeni!"