Kuna kifungu cha mkataba wangu ambacho sikukutajia Jumanne

Habari ya asubuhi Bi. Achieng,

Kabla ya mahojiano ya Ijumaa, kuna jibu langu naomba kulirekebisha. Uliponiuliza kwa simu kama kuna kinachonifunga kwa mwajiri wangu, nilisema ni notisi ya mwezi mmoja tu. Jioni nilitoa mkataba kwenye faili nikausoma upya. Niliusaini Machi 2022 nikiwa na haraka ya kuanza kazi, na kifungu cha 14 kilikuwa kimenitoka kabisa.

Kinasema kwamba kwa miezi 6 baada ya kuondoka, nisifanye mauzo katika kampuni nyingine ya pampu za sola ndani ya Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado. Tena kwa miezi 12 nisiwafuate wateja niliowahudumia mwaka wangu wa mwisho, popote walipo. Silipwi chochote nikikaa nje kipindi hicho.

Kampuni unayoitafutia meneja inauza pampu hizohizo, na ofisi yake iko Mombasa Road. Kwa hivyo kinanigusa moja kwa moja.

Najua wengi husema vifungu hivi ni karatasi tu. Mimi nilimwona wakili, akanionyesha Sura ya 24 ya sheria za Kenya: kifungu hakifi kwa sababu tu kinamzuia mtu kufanya biashara. Mahakama Kuu ndiyo inaweza kukibatilisha, ikiona kimezidi kiasi kwa aina ya kazi, muda au eneo. Kwa miezi 6 na kaunti nne, wakili hakuniahidi ushindi, nami sitaki kuwaahidi wao.

Ulisema nafasi hii inashika Nairobi na pia Nakuru hadi Eldoret. Wakikubali, naweza kuanzia upande wa Nakuru kwa miezi 6 ya kwanza na Nairobi ishikwe na mwingine. Nina wakulima watatu wa maua Naivasha ambao nimewauzia mwaka huu. Hao sitawagusa hadi miezi 12 iishe. Orodha ya wateja pia siji nayo, hata wakiiuliza kwa utani.

Ukihitaji, nitakunukulia maneno ya kifungu cha 14 peke yake. Mkataba mzima una viwango vya kamisheni ambavyo sina ruhusa ya kuvisambaza. Na tafadhali, mwajiri wangu asipigiwe simu kwa sasa. Ofa ikija kwa maandishi, mimi mwenyewe nitamwomba aniachilie au apunguze muda, ingawa sina uhakika atakubali.

Naomba uwaeleze haya yote kabla ya Ijumaa, na samahani kwa kukupa habari nusu. Wakiona haiwezekani, nijulishe ifikapo Alhamisi mchana, nisiombe ruhusa kazini bure.

Wako,
Mutua