Barua kwa Daktari: Naomba Nipimwe

Kihonda, Morogoro
12 Februari 2025

Daktari,

Shikamoo. Mimi ni Mama Neema, fundi cherehani, miaka 39. Nina miadi na wewe Alhamisi hii. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikaa mbele ya daktari maneno hunipotea, natoka na karatasi ya dawa za maumivu ya viungo na lile jambo lililonileta sijalisema.

Lililonileta ni uzito. Kadi ya kliniki ya mwanangu wa mwisho, wa mwaka 2017, inaonyesha nilikuwa na kilo 62 mimba ikiwa changa. Mwaka 2020 nilikuwa na 73, mwaka 2022 nikafika 84. Wiki iliyopita mzani wa duka la dawa umesoma 95. Urefu wangu ni sentimita 158.

Mimi hupima watu kila siku, na katika daftari langu la wateja kuna ukurasa wangu mwenyewe, kwa sababu najishonea. Kiuno: inchi 29, halafu 33, halafu 38, sasa 44. Namba zote nimeziandika kwa mkono wangu, kwa hiyo najua haya si mawazo tu.

Mwanzoni watu walinisifu, wakasema ndoa imenikubali. Sasa wananiuliza ninakula nini. Hata nilikokuwa nikitibiwa zamani niliambiwa nipunguze ugali na nitembee, bila kupimwa chochote zaidi ya presha. Daktari, nilifanya. Kuanzia Agosti hadi Novemba mwaka jana nilikula ugali wa ukubwa wa ngumi, mboga nyingi, soda niliacha kabisa, na kila alfajiri nilitembea hadi Msamvu na kurudi. Miezi minne, kilo moja na nusu. Nililia siku ile, na sikumwambia mtu.

Kinachonitia hofu zaidi ni mambo mengine yaliyokuja pamoja na uzito. Nahisi baridi. Joto la Morogoro mwezi huu unalijua, wenzangu dukani wanajipepea kwa vipande vya vitambaa, mimi nimejifunika kitenge mabegani. Choo napata mara mbili kwa wiki, kwa shida. Nywele zinabaki kwenye kitana, na nyusi zimepungua upande wa nje, nimeligundua hilo nilipokuwa najipaka wanja. Sauti imekuwa nzito hadi dada yangu akanipigia simu akadhani kapokea mume wangu. Hedhi inatoka nyingi, siku nane au tisa. Asubuhi uso umevimba, na miguu pia, lakini nikibonyeza kwa kidole halibaki shimo. Nalala kwa muda wa saa tisa kila usiku na bado nasinzia juu ya mashine. Mwezi uliopita sindano ilinichoma kidole kwa sababu ya usingizi.

Mama yangu, mzaliwa wa Njombe, alikuwa na rovu, akafanyiwa upasuaji. Shingo yangu siioni kuvimba, ila naomba uishike mwenyewe. Baba alikuwa na kisukari.

Nisikufiche kitu. Nilichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kuanzia 2018 hadi 2020, nikaacha, uzito ukaendelea kupanda. Mwaka 2022 nilipaka krimu ya kung'arisha ngozi kwa karibu mwaka mzima. Ilikuwa haina karatasi ya maelezo, na baadaye nikasikia nyingine huwa na dawa za steroidi ndani. Nilikunywa pia chai ya kupunguza tumbo kwa wiki tatu, nikaharisha, nikaiacha. Kwa sasa situmii dawa yoyote, na mimba sina.

Ninachoomba, Daktari, ni damu yangu ipimwe homoni za tezi ya shingo, yaani TSH na T4. Naomba pia sukari, ile ya wastani wa miezi mitatu, pamoja na mafuta kwenye damu, wingi wa damu, figo na ini. Kama utaona inafaa, nipigwe ultrasaundi ya kizazi na mayai kwa ajili ya hedhi. Na kuhusu ile krimu, unishauri kama kuna haja ya kupima homoni ya kotisoli. Wewe ndiye mtaalamu. Ukiona kimoja hakina maana kitoe, ila nieleze kwa nini. Kama kuna visivyolipiwa na bima, niambie bei mapema, nitapanga fedha, tuanze na kile cha muhimu zaidi.

Majibu yakitoka yote mazuri, nitayapokea, na ushauri wa chakula nitaufuata tena. Lakini sitaki kuambiwa tena kwamba ni ugali kabla mtu hajaangalia damu yangu.

Alhamisi nitafika saa moja asubuhi bila kula wala kunywa chai, ili damu ichukuliwe siku hiyohiyo ikiwezekana. Nitakuja na kadi ya kliniki na lile daftari.

Wako,
Mama Neema