Maswali ya Lenzi na Vioo kwa Kanuni ya Alama: Zoezi na Majibu Yake

Katika zoezi hili tunatumia kanuni moja, 1/f = 1/u + 1/v, kwa lenzi na kwa vioo vilivyopinda. Herufi u ni umbali wa kitu, v ni umbali wa taswira, na f ni umbali wa fokasi. Umbali wa kitu halisi au taswira halisi ni chanya, na umbali wa kitu au taswira isiyo halisi ni hasi. Kioo mbonyeo, yaani kile kinachokusanya miale, na lenzi mbinuko, iliyo nene katikati, vina f chanya. Kioo mbinuko na lenzi mbonyeo, ambavyo hutawanya miale, vina f hasi. Ukuzaji ni m = −v/u: jibu hasi lina maana kwamba taswira imepinduka, na jibu chanya kwamba imesimama wima. Vipo vitabu vinavyofuata utaratibu mwingine wa alama, nao ni sahihi vilevile, ila taratibu mbili zisichanganywe ndani ya jibu moja.

Swali la 1. Kitu kimewekwa sentimita 20 mbele ya kioo mbonyeo chenye umbali wa fokasi wa sentimita 15, kisha kikasogezwa hadi sentimita 10. Eleza taswira katika kila hali.

Jibu. Katika hali ya kwanza, 1/v = 1/15 − 1/20 = 1/60, hivyo v = 60 na m = −60/20 = −3. Taswira ni halisi, imepinduka, ni kubwa mara 3, na inaweza kupokelewa kwenye skrini iliyo sentimita 60 mbele ya kioo. Katika hali ya pili, 1/v = 1/15 − 1/10 = −1/30, hivyo v = −30 na m = −(−30)/10 = +3. Ukubwa ni uleule, lakini taswira sasa si halisi: iko sentimita 30 nyuma ya kioo, imesimama wima, wala skrini haiwezi kuipokea. Mwanafunzi anayeandika "ukuzaji ni 3" bila alama ameunganisha hali mbili zilizo tofauti kabisa.

Swali la 2. Kitu chenye kimo cha sentimita 5 kiko sentimita 30 mbele ya kioo mbinuko ambacho umbali wake wa fokasi ni sentimita 20. Tafuta mahali na kimo cha taswira.

Jibu. Hapa f = −20, kwa hiyo 1/v = −1/20 − 1/30 = −1/12, na v = −12. Ukuzaji ni 12/30 = 0.4, taswira iko sentimita 12 nyuma ya kioo, imesimama wima, na kimo chake ni sentimita 2.

Swali la 3. Kitu na skrini vimetenganishwa kwa sentimita 90. Lenzi mbinuko yenye f = 20 cm iwekwe wapi kati yake ili taswira ionekane kwenye skrini?

Jibu. Taswira ya kwenye skrini ni halisi, hivyo u na v zote ni chanya na u + v = 90. Kutokana na kanuni, uv = 20 × 90 = 1800, na mlinganyo u² − 90u + 1800 = 0 unatoa u = 30 au u = 60. Mahali pa kwanza taswira ni kubwa mara 2 kuliko kitu, na mahali pa pili ni nusu yake. Kama umbali ungekuwa chini ya 4f, yaani sentimita 80, mlinganyo usingekuwa na jibu, na skrini isingepata taswira popote lenzi inapowekwa.

Swali la 4. Kitu kiko sentimita 15 mbele ya lenzi mbinuko yenye f = 10 cm. Lenzi mbonyeo, ambayo umbali wake wa fokasi una ukubwa wa sentimita 15, iko sentimita 20 nyuma ya ile ya kwanza. Taswira ya mwisho iko wapi?

Jibu. Lenzi ya kwanza peke yake inatoa 1/v = 1/10 − 1/15 = 1/30, yaani v = 30. Lakini miale inaifikia lenzi ya pili ikiwa imesafiri sentimita 20 tu, kabla haijakutana, na pale ingekutana ni sentimita 10 mbele zaidi. Kwa lenzi ya pili, basi, taswira hiyo ni kitu kisicho halisi, na u = −10. Hapa ndipo alama hukosewa mara nyingi, kwa kuwa wengi hudhani u haiwezi kuwa hasi. Tukiendelea, 1/v = −1/15 − 1/(−10) = 1/30, hivyo v = +30: lenzi inayotawanya miale imetoa taswira halisi, kwa sababu imeipokea miale ikiwa tayari inakusanyika kwa nguvu kuliko uwezo wake wa kuitawanya. Ukuzaji wa jumla ni (−2) × (+3) = −6, kwa hiyo taswira iko sentimita 30 nyuma ya lenzi ya pili, imepinduka, na ni kubwa mara 6 kuliko kitu.