Maelezo yangu mbele ya Kamati ya Nidhamu

Bwana Prefe, pamoja na ninyi wajumbe wa Kamati,

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa darasa la nne la sekondari, hapa Bukavu. Ninashitakiwa kuwa nilipokea faranga 40 000 kwa mzazi ili nimwongezee mtoto wake pointi. Ninakana shitaka hilo.

Orodha iliyobandikwa ukutani ilionyesha 9 kwa 20. Kopi ya mwanafunzi, niliyoirudisha darasani mbele ya wenzake wote, ina 12. Daftari langu la pointi pia lina 12, kwa kalamu ileile na bila kufutwa. Sekretarieti ndiyo iliyochapa orodha, nami niliomba isahihishwe kwa barua ambayo Direktere wa masomo alitia sahihi ya kupokea. Barua hiyo ilitangulia pesa kwa siku sita, tarehe zinaonekana.

Pesa nilipokea kweli, kwa simu, na ujumbe wake sijaufuta. Ni malipo ya mwezi ya kumfundisha mdogo wa mwanafunzi huyo, anayesoma shule nyingine, nyumbani kwao Kadutu. Walimu wengi hapa wanafundisha jioni, kwa sababu mshahara peke yake hautoshi, na hilo sidhani linamshangaza yeyote mezani.

Nimeambatanisha kopi, daftari la pointi, barua na ujumbe wa simu. Ninaomba mzazi aitwe na aulizwe mimi nisipokuwepo.

Mwalimu wa hesabu