Mwongozo wa Kusahihisha: Sayansi, Karatasi ya 2, Sehemu B (Majibu Mafupi), Toleo la Pili

Jumla ya alama: 10. Watahiniwa: 420. Wasahihishaji: 6. Toleo hili linafuta lile la kwanza. Lirudisheni mezani kwangu kabla ya kuanza, lisije likatumika kwa bahati mbaya.

Toleo la kwanza tulilijaribu kwa skripti 30, kila mmoja wenu akazisahihisha zote bila kuona alama za mwenzake. Kwenye swali la 2(b) skripti moja ilipewa 0 na wawili, 1 na wawili, na 2 na wawili waliobaki. Mtahiniwa ni yule yule, maandishi ni yale yale. Hapakuwa na mzembe kati yenu. Mwongozo ulisema "kubali jibu lingine lolote sahihi" ukaishia hapo, na kila mmoja akaziba pengo kwa busara yake. Sentensi hiyo nimeiondoa kila mahali. Badala yake mtakuta majibu mbadala yenyewe, sababu ya kuyakubali au kuyakataa, na njia ya kufuata mkikutana na jibu ambalo sote hatukulifikiria.

Kanuni za sehemu nzima

Kila alama ina herufi yake. Andika herufi hiyo pembeni, mkabala na maneno yaliyoipata, kisha jumla kwenye kisanduku. Tiki tupu haimwambii msahihishaji wa pili ulichokiona. Nusu alama haipo.

Tunasahihisha wazo. Mtahiniwa asiyelijua neno "uvukizi" lakini ameandika "maji yanageuka mvuke na kuondoka" ana wazo zima. Aliyeandika "uvukizi" peke yake ametaja jina, hajaeleza kitu. Makosa ya tahajia hayapunguzi alama, isipokuwa neno limegeuka kuwa neno lingine la kisayansi.

Sentensi inayofuta wazo sahihi kwa kulipinga inaondoa alama ya wazo hilo tu. Sentensi ya ziada isiyohusu swali, hata kama si ya kweli, haigusi alama.

Swali likitaka mambo mawili na mtahiniwa ametaja manne, sahihisha mawili ya kwanza. Najua inauma pale la tatu linapokuwa zuri. Lakini tukianza kumchagulia, anayemwaga kila anachokikumbuka atampita aliyefikiri.

Swali la 1 (alama 2)

*Nguo mbili zinazofanana zimeloweshwa kwa maji ya kiasi kimoja. Moja imeanikwa penye upepo, nyingine pasipo na upepo. Joto la hewa ni sawa. Eleza kwa nini nguo ya penye upepo hukauka mapema.*

A: upepo huondoa mvuke au hewa yenye unyevu iliyoizunguka nguo.
B: kwa hiyo maji zaidi ya nguo hugeuka mvuke kwa muda ule ule.

Njia ya pili ya kupata A: upepo huipepesha nguo, mikunjo hufunguka, na eneo linalokutana na hewa huongezeka. Hili halikuwemo katika toleo la kwanza, nalo ni kweli kabisa. Angalizo moja: njia zote mbili za A kwa pamoja bado ni alama 1. B hupatikana pale tu mtahiniwa anapounganisha sababu na kasi ya kukauka.

Maneno yanayotosha kwa A: "upepo unasukuma mvuke mbali", "hewa kavu inakuja mahali pa hewa yenye maji", "hewa ya hapo haijai unyevu".

Hayapati alama: "upepo hukausha nguo" (amerudia swali), "upepo huleta joto" (swali limesema joto ni sawa).

Jibu la mpakani, limeonekana mara nne katika skripti 30: "Upepo unapeperusha maji ya nguo." Uamuzi: 0. Linasomeka kama matone yanayorushwa, na hatuna haki ya kumwandikia mtahiniwa neno "mvuke". Akiandika "unapeperusha maji yaliyogeuka mvuke", mpe A.

Swali la 2 (alama 4)

*Mwanafunzi anachunguza kama mwanga ni wa lazima ili mbegu za maharage ziote. Anaweka mbegu 10 kwenye sahani dirishani na mbegu 10 kwenye sahani ndani ya kabati lililofungwa.*

*(a) Mbali na idadi ya mbegu, taja mambo mawili anayopaswa kuyaweka sawa. (alama 2)*

Alama 1 kwa kila jambo: maji, joto, hewa au oksijeni, aina au umri wa mbegu, kitu cha kuoteshea, kama pamba au udongo, siku za kusubiri, kina cha kufukia mbegu. Neno "maji" bila "kiasi cha" linatosha, kwa kuwa swali lenyewe limeshasema "kuweka sawa".

Mambo mawili ya kundi moja ni jambo moja: "kiasi cha maji" na "mara za kumwagilia" ni alama 1. "Mazingira" na "hali" ni mapana mno, 0. "Mwanga" ni 0, maana ndicho anachokibadilisha.

*(b) Baada ya siku 7, mbegu 9 zimeota dirishani na 8 zimeota kabatini. Mwanafunzi ahitimishe nini? Toa sababu. (alama 2)*

H: mwanga si wa lazima ili mbegu hizi ziote.
S: kwa sababu mbegu nyingi (au 8) zimeota bila mwanga, au kwa sababu tofauti ya mbegu 1 ni ndogo mno.

S haitolewi bila hitimisho linaloendana nayo. Kunakili namba tu, "9 na 8", si sababu.

Hapa ndipo tulipogawanyika, kwa hiyo nakaa kidogo. Majibu matatu haya yametoka kwenye skripti za majaribio, neno kwa neno.

"Mwanga sio lazima ila labda unasaidia kidogo, arudie na mbegu nyingi." Alama 2. Amejibu swali, na kutaka mbegu nyingi zaidi kunaonyesha ameona kwamba tofauti ya mbegu 1 haitoshi kuthibitisha kitu. Waliompa 1 walidai hakutaja namba. Swali halikudai namba.

"Hawezi kuhitimisha kwa sababu kabati linaweza kuwa na joto tofauti." Alama 0. Linavutia, kwa sababu mtahiniwa amekumbuka usawa wa jaribio. Lakini hata kama joto lilikuwa tofauti, mbegu 8 zimeota bila mwanga, na hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba mwanga si wa lazima. Pingamizi lake halifiki kwenye hitimisho.

"Hawezi kuhitimisha kwa sababu mwanga unaweza kuwa umeingia kwenye kabati." Alama 2. Haya mawili yanafanana kwa sura, ndiyo maana yalituchanganya. Hili la pili linagonga penyewe: kama kabati halikuwa giza, mbegu 8 hazithibitishi lolote kuhusu mwanga. Swali limesema kabati limefungwa, halikusema halipitishi mwanga. Andika H na S zote mbili.

Kipimo cha pingamizi lolote la aina hii: je, likiwa kweli, hitimisho linaanguka? Likianguka, alama 2. Lisipoanguka, 0. Alama 1 haipo kwa majibu ya "hawezi kuhitimisha" yenye sababu, na hilo litatuokoa na mabishano mengi.

"Mwanga unasaidia kwa sababu 9 ni zaidi ya 8": 0.

Swali la 3 (alama 2)

*Kopo la chuma lililofunikwa, lenye maji baridi sana, limewekwa mezani. Baada ya muda kuna matone upande wa nje. Eleza matone hayo yametoka wapi na yametokeaje.*

A: yametokana na mvuke au unyevu uliomo hewani. B: mvuke umepoa kwa kugusa kopo ukawa maji. "Hewa imekuwa maji" haipati A. "Maji yaliyoko hewani" yanapata. Akisema mvuke wa hewani *na* maji yaliyopenya chuma, A imefutika, lakini B ibaki kama ameieleza. Swali hili halikuleta tofauti yoyote katika majaribio.

Swali la 4 (alama 2)

*Mwanafunzi anapima muda ambao jiwe lililofungwa kwenye uzi hutumia kwenda na kurudi mara moja. Anapima muda wa kwenda na kurudi mara 10, kisha anagawanya kwa 10. Eleza kwa nini njia hii ni bora kuliko kupima mara moja.*

A: kuna kosa katika kuanzisha au kusimamisha saa (kuwahi, kuchelewa, mkono kuwa mzito).
B: kosa hilo hugawanywa kwa 10, au huwa dogo likilinganishwa na muda mrefu.

Mfano wa namba unakubalika badala ya maelezo. Mtahiniwa mmoja aliandika: "Nikikosea sekunde 0.2 kwenye sekunde 2 ni 10%, kwenye sekunde 20 ni 1%." Hiyo ni A na B, ingawa hakutaja saa wala mkono. Akikosea hesabu lakini mwelekeo ni sahihi, B ibaki.

"Ili apate wastani" peke yake: 0, kwa maana ameeleza kilichofanyika, si faida yake. "Ili apate wastani, hivyo kosa linapungua": B tu. "Jibu linakuwa sahihi zaidi": 0.

Jibu ambalo halimo humu

Usitoe alama, usikatae. Weka alama ya kuuliza pembeni, nakili jibu neno kwa neno kwenye daftari la maamuzi pamoja na namba ya mtahiniwa, uendelee na skripti inayofuata. Nitalipima kwa maswali matatu: je, ni kweli kisayansi? Je, linajibu kilichoulizwa? Je, linadai uelewa wa kiwango kile kile cha jibu lililomo? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, linaingia kwenye mwongozo. Nitatangaza maamuzi saa 8 mchana na kabla ya kuondoka jioni.

Uamuzi ukitoka, unamhusu kila mtahiniwa, hata wale uliowamaliza asubuhi. Ndiyo maana kila mmoja anasahihisha swali moja kwa skripti zote: swali la 1, 2(a), 2(b), 3 na 4 lina mtu wake, na msahihishaji wa sita anapitia upya skripti moja katika kila kumi. Anayehusika na swali ndiye anayerudi nyuma kutafuta majibu ya namna hiyo. Kama hukubaliani na uamuzi, andika pingamizi daftarini, lakini uufuate mpaka ubadilishwe. Msimamo wako ukiwa wa haki, tutarudi nyuma kwa wote.

Kila asubuhi mtakuta skripti 5 ambazo alama zake tayari tumekubaliana. Zisahihishe swali lako kabla ya kitu kingine. Ukitofautiana na alama zilizokubaliwa kwenye skripti mbili au zaidi, usiguse bahasha ya siku. Njoo tuzungumze kwanza. Baada ya mapumziko ya mchana rudia kwa skripti 2, kwa sababu hapo ndipo uchovu unapoanza kutoa alama.

Daftari la maamuzi liko juu ya meza ya katikati. Kurasa mbili za mwanzo zina maamuzi 11 ya majaribio. Yasomeni leo, kisha kila mmoja atie saini chini ya uamuzi wa mwisho.