Bei ya gauni na pesa ya droo: somo la vijana wajasiriamali

Daftari mezani, vijana, na simu zifunguliwe kwenye kikokotoo. Leo tunakaa na fundi mmoja tu, dada wa Mbagala anayeshona magauni ya kitenge na kuyauza yakiwa tayari. Gauni moja anauza 25,000. Anasema kila gauni linamwachia elfu saba. Tuhakikishe.

Andikeni. Kitenge yadi tatu, 12,000. Bitana, 3,000. Zipu 700, uzi 500, gamu 800. Hana mashine ya ovaloki, anapeleka kwa jirani, 1,000. Jumlisheni. 18,000, sawasawa. Toa kwenye 25,000, inabaki 7,000. Hesabu yake ni sahihi, ila haijaisha.

Gauni halikushonwa barabarani. Kuna fremu, 80,000 kwa mwezi. Umeme 20,000. Nauli ya kufuata mali Kariakoo 20,000. Sindano, mafuta ya cherehani na matengenezo 10,000, mlinzi na taka 10,000. Hiyo ni 140,000, na inalipwa hata kama hajauza kitu. Mwezi mzuri anashona magauni 40, kwa hiyo kila gauni linabeba 3,500. Sasa tuko 21,500.

Bado kuna nani hajalipwa? Eeh, umesema vizuri wewe wa nyuma: fundi mwenyewe! Akiugua na kumwita fundi mwingine amshonee, atamlipa 8,000 kwa gauni. Basi hiyo 8,000 ni ya kwake pia. Gharama kamili ni 29,500. Anauza 25,000. Maana yake katika kila gauni anakatwa 4,500 ya mshahara wake mwenyewe, na hajui. Hili linaniuma, kwa sababu dada huyu anafika dukani saa moja asubuhi na kutoka usiku.

Mtaniambia apandishe hadi 35,000. Lakini majirani zake wanauza 30,000, na mteja ana macho. Kwa hiyo anaanzia kwenye gharama. Akinunua kitenge kwa jora badala ya kipande kimoja kimoja, anaokoa 2,000 kwa gauni. Bitana na zipu akizichukua kwa jumla, 500 nyingine. Gharama inashuka hadi 27,000. Akiuza 30,000 anajilipa ujira, na biashara inabaki na 3,000 yake. Hiyo ndiyo faida. Angalieni na hili: mwezi mbaya akishona 20 tu, ile 140,000 inagawanywa kwa 20, kila gauni linabeba 7,000. Ile 3,000 imeliwa yote, na 500 juu. Ndiyo maana anayepanga bei kwa hesabu ya mwezi wa Idi peke yake anaumia mwezi mbaya.

Sasa njooni kwenye droo, maana faida ya daftari na pesa iliyopo ni vitu viwili. Januari shule moja inampa oda ya sare 60, kila moja 25,000. Jumla 1,500,000. Furaha! Shule inatoa kianzio 500,000, iliyobaki italipwa mwisho wa Februari. Droo ilikuwa na 300,000, sasa ina 800,000. Vitambaa na vifaa vya sare hizo ni 840,000. Amepungukiwa 40,000 kabla hajakanyaga cherehani, na wiki ijayo mwenye fremu anataka kodi ya miezi mitatu, 240,000. Oda nzuri, na dada anakimbilia mkopo wa riba.

Angeandika mapema angeliona. Daftari lake linahitaji tarehe, pesa iliyoingia, iliyotoka, na salio. Pesa ya simu iwe na safu yake, makato ya kutuma na kutoa yaandikwe kama matumizi. Madeni ya wateja yaandikwe ukurasa mwingine, yasichanganywe na pesa iliyokwisha kufika. Kisha kila Jumapili aandike wiki nne zijazo: nini kitaingia lini, nini kitatoka lini. Wiki ambayo salio linashuka chini ya sifuri ndiyo ya kuishughulikia leo.

Kwa oda ile angeomba kianzio cha asilimia 60, yaani 900,000. Droo inakuwa na 1,200,000. Toa vifaa, toa kodi, inabaki 120,000. Na sare angepeleka kwa awamu: 30 za kwanza, alipwe 300,000, ndipo ashone zilizobaki. Shule nyingi hukubali ukiomba kabla ya kukata kitambaa. Ukishamaliza kushona huna tena cha kuombea.

Na mtoto akitaka daftari la shule, droo isifunguliwe. Dada ajilipe ujira wake kila Jumamosi, pesa ya nyumbani itoke humo.

Haya, kila mmoja achukue bidhaa anayouza yeye. Wa sharubati, wa chapati, wa sabuni, andikeni gharama zote hadi ujira wenu, mgawanye gharama za mwezi kwa idadi ya mwezi mbaya. Nina dakika 20, napita meza kwa meza.