Yah: Kuchelewa kwa malipo ya saruji, saiti ya Mkuranga

Dada Rehema, habari za asubuhi.

Nimepata ujumbe wako kwamba hati ya malipo ya saruji ililala mezani kwangu wiki nzima. Nimemwacha Meneja kwenye nakala ili naye aone mtiririko mzima.

Mafundi kukaa bila saruji ni hasara, na hilo linanigusa. Lakini hati ya malipo haikulala mezani kwangu wiki nzima. Ilinifikia Jumatano saa 9 alasiri, bila ankara wala hati ya kupokelea mzigo wa kwanza. Saa 10 nilikuandikia kuviomba. Barua pepe hiyo nimeiambatisha. Vilikuja Ijumaa saa 5 asubuhi, na saa 8 mchana pesa zilikuwa zimetoka.

Bila vielelezo hivyo siruhusiwi kulipa.

Msambazaji amenithibitishia kwa simu kwamba mifuko iliyobaki inapakiwa leo. Jambo likikwama tena, tafadhali nipigie moja kwa moja.

Hamisi
Uhasibu